Kitabu cha giza kisomwe mchana: vitabu vya picha kwa mtoto wa miaka minne anayeogopa kulala

Mtoto wa miaka minne akianza kuogopa giza, mzazi anayependa vitabu hufanya jambo linaloonekana la busara kabisa. Anatafuta kitabu cha picha kinachohusu giza, anamsomea mtoto kitandani, anakifunga, anazima taa. Nusu saa baadaye mtoto amesimama mlangoni, na hofu yake sasa imepata sura, meno na jina. Kitabu chenyewe huenda ni kizuri. Kilichokosewa ni saa ya kukisoma. Kitabu kinachomfundisha mtoto kulikabili giza na kitabu kinachompeleka usingizini ni vitabu viwili tofauti, vimejengwa kwa namna mbili tofauti, na kila kimoja kina saa yake. Nitavieleza vyote viwili, ila nitakaa zaidi kwenye kile cha kwanza, maana ndicho kinachochaguliwa na kutumiwa vibaya mara nyingi.

Kuhusu umri wenyewe: karibu na miaka minne, uwezo wa mtoto wa kuwaza kitu kisichokuwepo huwa umekua kuliko uwezo wake wa kukifukuza. Anaweza kutunga mnyama aliyejificha nyuma ya kabati, akamfuata kwa mawazo mpaka anamsikia akipumua. Ukimuuliza mchana kama mazimwi yapo, mara nyingi atakujibu sawasawa kwamba ni ya hadithini tu. Usiku jibu hilohilo linapungua nguvu, kwa sababu macho hayana cha kushika, masikio yanapokea kila mlio wa nyumba, na akili inajaza pengo. Hofu ya namna hii ni ya kawaida sana kati ya miaka mitatu na sita, na kwa watoto wengi hupungua kadiri wanavyokua. Ndiyo maana kumwambia "humo hakuna kitu" hakumsaidii sana. Taarifa hiyo anayo tayari. Anachokosa ni mazoea ya kuwa gizani na kuona kwamba amebaki salama, pamoja na jambo la kufanya pale hofu inapomjia. Kitabu kilichochaguliwa vizuri humpa hilo jambo la kufanya, kisha humwandaa kuyapata hayo mazoea.

Kabla ya kununua au kuazima chochote, tazama jioni mbili tatu bila kubadilisha utaratibu wenu. Mtoto mwenye hofu hutaka mtu. Ukikaa karibu naye anatulia hata kama husemi neno, macho yake yanarudi mahali palepale chumbani, na hata mchana anasita kuingia peke yake kwenye chumba chenye giza. Mtoto anayepinga kulala hutaka jioni iendelee. Maombi yake hubadilika: maji, choo, kitabu kingine, swali kuhusu kesho, na kila ukijibu anachangamka zaidi. Mpira wake ukiviringika hadi chumba chenye giza, anaufuata bila kufikiri. Watoto wengi wana yote mawili kwa pamoja. Walianza na hofu ya kweli, kisha wakagundua kwamba neno "naogopa" humrudisha mama au baba kila mara. Hapo mtoto hadanganyi. Amejifunza kitu kinachofanya kazi, naye anakitumia.

Kuna aina ya tatu ambayo hakuna kitabu kitakachoisaidia: mtoto ambaye usingizi wake haujafika. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano huhitaji kati ya saa 10 na 13 za usingizi katika saa 24, na hesabu hiyo inajumuisha usingizi wa mchana. Aliyelala saa nane mchana, akaamka saa kumi jioni, halafu akapelekwa kitandani saa moja usiku, atalala macho gizani kwa dakika arobaini, na dakika arobaini za giza bila usingizi zinatosha kumtengenezea zimwi mtoto ambaye hakuwa nalo. Ukiona kila siku anapata usingizi saa mbili na nusu hata umlaze mapema vipi, mlaze saa mbili na nusu kwa siku kadhaa mpaka awe analala upesi, kisha rudisha nyuma kwa dakika 15 kila baada ya siku chache. Kama bado analala mchana, angalia pia kama usingizi huo unaweza kufupishwa. Fanya hili kwanza. Kitabu kisibebeshwe mzigo wa saa mbaya.

Sasa tuje kwenye kitabu cha hofu. Vitabu vya picha vya umri huu kwa kawaida huwa na kurasa 32. Ukiondoa kurasa za mwanzo zenye jina la kitabu na maelezo ya mchapishaji, hadithi inabaki na nafasi kama kumi na mbili hadi kumi na nne, nikihesabu kurasa mbili zinazotazamana kuwa nafasi moja. Nitaiita mfunuo, kwa sababu ndicho mtoto anachokiona kila karatasi inapofunuliwa. Hesabu hiyo ina faida yake. Kipekue kitabu chote ukiwa peke yako, utafute mfunuo ambao hofu inafika kileleni, na uangalie ni wa ngapi. Ukiwa wa tano, wa sita au wa saba, hadithi imebakiza nafasi ya kutosha kumshusha mtoto taratibu. Ukiwa wa kumi na moja, kisha mambo yote yakatatuliwa kwenye ukurasa mmoja wa mwisho, mtoto atabaki na kile kilele, kwa kuwa ndicho kitu chenye nguvu kuliko vyote alichokiona na hakukuwa na muda wa kukituliza. Vitabu vya namna hii huwachekesha sana watu wazima. Sisi tunafurahia mgeuko wa ghafla wa mwishoni, ila mtoto mwenye hofu hafiki kwenye furaha hiyo.

Kisha tazama jinsi kitu cha kutisha kilivyochorwa. Kilichochorwa kizima, chenye mwanzo na mwisho, kinachochukua sehemu tu ya ukurasa, mtoto anaweza kukitazama, akakizunguka kwa kidole, akakimaliza. Macho mawili kwenye weusi mtupu, au kucha zinazochungulia kutoka chini ya kitanda, humlazimisha amalizie mwenyewe kilichobaki, naye atamalizia kwa ukubwa ambao hakuna mchoraji angethubutu. Mpango ninaoupenda kwa umri huu ni ule wa kivuli kisichoeleweka kwenye mfunuo mmoja, na mfunuo unaofuata ukaonyesha kwamba lilikuwa shati juu ya kiti. Uzuri wake uko kwenye karatasi yenyewe. Anayeigeuza awe mtoto, ili aamue mwenyewe lini yuko tayari kuona. Mkono wake ukisita kwenye kona ya ukurasa, usimharakishe. Kusita huko ndiko mazoezi.

Swali la pili ni nani anayetatua tatizo. Mama au baba wa kwenye hadithi akiingia, akawasha taa na kuonyesha kwamba hapana kitu, mtoto anayesikiliza anajifunza kwamba dawa ya giza ni mtu mzima kuingia na kuwasha taa, jambo ambalo tayari analiomba kila usiku. Fimbo ya ajabu nayo haiazimiki. Tafuta kitabu ambacho mhusika mdogo anafanya jambo ambalo mtoto wako anaweza kulifanya leo: anasikiliza mlio na kuutaja, anawasha kurunzi na kuizima mwenyewe, anapumua polepole, au anambembeleza aliye mdogo kuliko yeye.

Hilo la kumbembeleza mwingine lina ushahidi unaovutia. Mwaka 2012 Jonathan Kushnir na Avi Sadeh walichapisha utafiti uliofanyika Israeli kwa watoto 104 wa miaka minne hadi sita waliokuwa na hofu kubwa za usiku. Watoto wa makundi mawili walipewa mwanasesere wa mbwa pamoja na kisa kifupi. Kundi moja liliambiwa kwamba mbwa huyo ana huzuni na anahitaji kutunzwa. Jingine liliambiwa kwamba ni rafiki atakayewalinda. Hofu zilipungua kwa makundi yote mawili kuliko kwa watoto waliokuwa bado wanasubiri zamu, na nafuu hiyo ilionekana bado ipo miezi sita baadaye. Ninachokichukua kwa uchaguzi wa vitabu ni kwamba kisa kifupi kinachomkabidhi mtoto kazi ya kutunza kinaweza kumfaa sawa na kile kinachompa mlinzi. Kwa hiyo usikiache rafuni kitabu ambacho mhusika anamlaza mdogo wake au mnyama mwenye hofu kwa sababu tu hakina shujaa.

Swali la tatu ndilo kipimo changu kikuu: kwenye mfunuo wa mwisho, giza lipo au limeondoka? Vitabu vingi kuhusu giza huishia na mapambazuko au taa iliyowashwa. Kwa mtoto hiyo maana yake ni kwamba mambo huwa mazuri giza likiisha, na kwake giza ndiyo kwanza linaanza. Tafuta mwisho ambao chumba bado ni cheusi, dirisha ni lilelile, kivuli cha mfunuo wa tano bado kiko ukutani, na mhusika yumo humo amelala au ametulia. Kikikosa hilo, kinaweza kuwa kitabu kizuri sana cha hadithi, ila kwa kazi hii ningekiacha.

Wazazi huuliza sana kuhusu vitabu ambavyo zimwi linageuka kuwa rafiki. Jibu langu hutegemea mtoto. Kama hofu yake ina sura tayari, na amekueleza kwamba kuna kitu kikubwa chenye nywele nyuma ya pazia, basi kitabu kinacholifanya dude hilo liwe dogo, lenye aibu au lenye kuogopa watoto kinaweza kumpa kitu cha kuchezea. Kama anasema tu kwamba hapendi giza, bila kutaja chochote ndani yake, usimletee zimwi. Utakuwa unajibu swali ambalo hajauliza, na jibu lako litabaki chumbani mwake usiku.

Ukishakipata kitabu, kisomeni mchana, mahali pasipo kitandani, mtoto akiwa ameshiba na hana usingizi. Kuna sababu mbili. Mtoto aliyechoka hawezi kufikiri vizuri juu ya jambo gumu, na kitanda kinapaswa kubaki mahali pa mambo yasiyo na mshtuko. Tena, kusoma peke yake ni nusu ya kazi. Mwaka 2015 Krystal Lewis na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya watoto tisa wa miaka mitano hadi saba waliokuwa na woga mkali wa giza uliothibitishwa na wataalamu. Wazazi waliwasomea watoto kitabu kimoja kwa muda wa wiki nne, na watoto wanane kati ya tisa walipata nafuu kubwa. Ni kundi dogo, na watoto wenyewe ni wakubwa kidogo kuliko wetu. Lakini kitabu hicho hakikuwa hadithi tupu. Ndani yake mlikuwa na michezo ya kufanya gizani, na mzazi na mtoto waliicheza. Kwa hiyo kitabu chochote utakachochagua, jiulize mchezo gani unaweza kutoka humo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate. Mtoto wa kike wa miaka minne na nusu anaogopa kona ambayo nguo zimetundikwa. Jioni yao inachukua saa moja na nusu, na usiku wa manane anahamia kitanda cha wazazi. Mchana hataki kuingia stoo. Dalili zote ni za hofu, ingawa maombi ya maji nayo yapo. Tuseme kitabu kilichopatikana kinamhusu panya mdogo anayeishi chini ya ardhi. Usiku anasikia kishindo. Anasimama, anasikiliza, anataja sauti moja baada ya nyingine, na anagundua kwamba kishindo ni tone la maji linaloanguka kwenye jani. Anarudi kulala, na shimo linabaki jeusi kama lilivyokuwa. Kilele kiko kwenye mfunuo wa sita.

Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, mzazi anaketi naye sakafuni na kumwonyesha mfunuo wa mwisho kabla ya mwingine wowote: "Huyu ni panya, amelala shimoni mwake. Tuone ilikuwaje." Kumwonyesha mwisho kwanza hakuharibu hadithi kwa mtoto mwenye hofu. Humruhusu kuvumilia katikati akijua anakokwenda. Kisha kinasomwa chote, bila maswali. Siku ya pili na ya tatu wanasimama kwenye mfunuo wa sita, na mzazi anauliza, "Panya anadhani ni nini hicho?" Hamuulizi kama yeye mwenyewe anaogopa. Akizungumza juu ya panya, mtoto ataeleza mengi ambayo angeyaficha kama angeulizwa juu yake. Huyu wa kwetu siku ya tatu anasema kwamba panya anadhani ni mtu mwenye koti. Hapo mzazi anajua kona ile ina nini.

Siku ya nne mchezo unaanza. Wanafunga mapazia ya chumba mchana, giza likawa la wastani, na wote wawili wanacheza panya kwa kuhesabu mpaka tano: kila mmoja ataje sauti aliyoisikia. Wakishauzoea, wanahesabu mpaka kumi, halafu mpaka thelathini. Baada ya hapo mzazi anasimama mlangoni, kisha nje ya mlango akiendelea kuzungumza, kisha nje akiwa kimya kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Baadaye mchezo uleule unahamia jioni, wakati mwanga wa nje unapopungua, na mwishoni unafika kwenye kona ya nguo, ambako panya lazima ataje kwa kugusa: hili shati, huu mkanda, hili koti la baba. Kila hatua inarudiwa mpaka mtoto aichoke. Uchovu huo ndio dalili unayoitafuta, kwamba mwili umeacha kuchukulia giza kuwa habari. Ukiona mabega yamepanda, mikono imeshika nguo yako, au kicheko kimekuwa cha juu na cha haraka, umekwenda mbele mno. Rudi hatua moja, bila kutoa maelezo, na malizeni kwa ile anayoiweza. Watoto wengine hupanda ngazi hii kwa siku kumi, wengine kwa wiki tano au zaidi, na hakuna faida ya kushindana na kalenda.

Usiku kitabu cha panya hakiingii chumbani. Akisema kutoka kitandani kwamba anaogopa, mzazi anajibu kwa maneno machache: "Panya alifanya nini? Alisikiliza. Tusikilize tutaje tatu." Wanataja tatu, na mazungumzo yanaishia hapo. Hadithi iliyojengwa mchana inamfikia usiku kama jambo analolijua, bila picha ya kumwamsha.

Kitabu cha kitandani kimejengwa kinyume kabisa na kile cha panya. Hakina tatizo. Kitu kinachotokea ndani yake ni kwamba vitu vinatulia: viumbe vinarudi makwao, sauti zinapungua, vyombo vinaagwa kimoja kimoja. Sentensi huwa ndefu mwanzoni na fupi mwishoni, neno moja linarudi na kurudi, rangi zinafifia kutoka mfunuo hadi mfunuo, na mwisho wote wamelala. Hakuna swali kwenye ukurasa wa mwisho, hakuna kipande cha kufunua na kuchungulia, hakuna kitufe cha mlio. Njia rahisi ya kukipima ni kukisoma kwa sauti ukiwa peke yako. Kama sauti yako inashuka yenyewe na pumzi inakuwa ndefu, ni hicho. Kama unajikuta unaigiza, kiweke kwenye vitabu vya mchana.

Ningependa kuonya kuhusu aina moja inayouzwa sana kwa wazazi wenye shida hii hasa: kitabu ambacho shujaa anakataa kulala kwa mifunuo kumi ya vichekesho, anaomba maji, anaficha viatu vya baba, kisha ghafla anasinzia. Mtoto anayepinga kulala hukipenda mno, nami naelewa kwa nini. Amepewa orodha ya mbinu zenye picha. Mfunuo mmoja wa kusinzia hauwezi kufuta kumi za ushindi. Kama mnakipenda, kisomeni adhuhuri.

Idadi ya vitabu vya usiku iamuliwe kabla ya kupanda kitandani, na ionekane kwa macho. Viwili vinawekwa juu ya shuka, vingine vyote vinabaki mahali ambapo mkono haufiki. Mtoto anaweza kuchagua kile cha kwanza apendavyo. Cha mwisho ni kilekile kila usiku, kwa wiki nyingi. Wazazi huchoka na marudio haya kabla ya watoto, lakini mtoto anayejua kila neno linalokuja hana sababu ya kukaa macho kulisubiri. "Kimoja tena" hujibiwa kwa sentensi moja isiyobadilika, kwa mfano, "Kitabu cha kulala kimekwisha, tutasoma kesho," na inasemwa kwa upole uleule hata mara ya nne. Ukikubali mara ya tano, umemfundisha kwamba bei ni maombi matano.

Kwa anayetokatoka chumbani, kuna njia ambayo Patrick Friman na wenzake waliieleza mwaka 1999: mtoto anapewa kadi moja inayomruhusu kutoka au kuomba jambo moja dogo baada ya kulazwa. Akiitumia, anaikabidhi, na basi. Mnaweza kuitengeneza pamoja na kumchora panya juu yake. Kwa mtoto mwenye hofu ya kweli kadi ina faida nyingine: akijua kwamba mlango unaweza kufunguliwa mara moja akitaka, mara nyingi anaiweka akiba chini ya mto na kulala nayo.

Mwanga wa kusomea uwe hafifu, wa manjano, wa kutosha tu kuona picha, na usimwangaze usoni. Mwanga mkali wa jioni huzuia kwa nguvu melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, na watoto wa umri huu huathirika sana nao. Kwa sababu hiyo pia, kitabu cha kitandani kiwe cha karatasi, kisiwe cha kwenye simu. Taa ndogo ya usiku inaruhusiwa kabisa kwa mtoto mwenye hofu. Iweke chini, upande ambao haitupi vivuli virefu ukutani, kisha ipunguzwe kidogo kidogo kadiri michezo ya mchana inavyosonga.

Mambo huharibika kwa njia chache zinazotambulika. Mtoto akiomba mfunuo fulani urukwe, urukeni. Unaweza kubana kurasa hizo kwa kibanio cha nguo na kumwachia yeye aamue lini kitolewe. Akiomba mfunuo uleule wa kutisha mara nyingi mfululizo, tazama mwili wake. Kama amelegea, anacheka na kutaja vitu, anaumudu. Kama amekaza macho, amebana pumzi, na usiku anauliza kuhusu picha ile, kitabu kiondolewe kwa mwezi mmoja au miwili bila kukisema vibaya. Mzazi naye anaweza kukiharibu kitabu kwa kukigeuza fimbo: "Unaona, panya yeye haogopi." Baada ya hapo mtoto hampendi tena panya, na ana haki. Kupuliza "dawa ya mazimwi" chini ya kitanda, au kupekua kabati kila usiku, huwatuliza baadhi ya watoto kwa muda, lakini kwa wengi ni uthibitisho kwamba mtu mzima naye anadhani kuna cha kutafuta. Ningeyaepuka yote mawili.

Kuna usiku ambao hauhusiani na hofu ya giza hata kidogo. Mtoto anayeinuka akipiga kelele saa moja au mbili baada ya kulala, macho wazi lakini hakutambui, na asubuhi hakumbuki lolote, hakuwa macho. Hilo ni tukio la usingizi mzito, tofauti na ndoto mbaya, ambayo kwa kawaida huja karibu na alfajiri na mtoto huamka nayo kabisa. Kwa tukio hilo hakuna hadithi ya kumsimulia. Mlinde asijiumize na msubiri lipite. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku au kukatika pumzi usingizini anahitaji daktari kabla ya kitabu. Vilevile mtoto ambaye hofu yake ilianza baada ya tukio la kweli lililomtisha, ambaye hofu imeingia mpaka kwenye kula na kucheza mchana, au ambaye miezi sita imepita bila hofu kupungua, apelekwe kwa mtaalamu wa watoto. Ukienda, chukua kumbukumbu za wiki mbili: saa aliyolazwa, saa aliyopata usingizi, mara alizotoka, alichosema alipotoka, na kitabu kilichosomwa usiku huo.